Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja, mbona tukapata vyama vingi? Jibu liko katikati ya maduara mawili

Wadau, niko huku uwandani Newala, kata ya Chilangala.

Juzi jioni nilikuwa kwenye kibanda cha chai, wazee wanabishana kuhusu Katiba Mpya. Si mnajua mjadala huu ulivyo, kila ukizimwa unawaka tena. Sasa mjomba mmoja akagonga meza akasema: "Nyie vijana mnadanganywa. Mwaka 1991 wananchi tuliulizwa, asilimia 77 tukasema tunataka chama kimoja. Mbona wakatuletea vyama vingi? Maoni ya wananchi ni geresha tu!"

Jamaa mwingine, kijana wa bodaboda, akamrukia: "Mjomba, mimi nimesoma kwenye mtandao kwamba wengi walitaka mabadiliko. Asilimia 64!"

Mjomba akacheka. "Asilimia 77 na asilimia 64? Hizo zimezidi mia, mpwa wangu. Mmoja wetu muongo."

Watu wakaangua kicheko, na kijana wa watu akanyamaza. Mimi nikakaa kimya nikiwaza, maana nilijua jambo moja: hakuna muongo pale. Namba zote mbili zinatoka kwenye kazi ile ile ya Tume ya Nyalali. Zinaweza kuwa kweli zote kwa wakati mmoja, na ukizichora utaona kwa macho. Nilichukua kijiti nikachora chini kwenye mchanga. Leo nachora hapa kwa maneno, kwa faida ya wote.

Wale waliofika kidato cha pili wanaukumbuka mchoro wa Venn. Ni maduara mawili yanayopandana katikati, ndani ya kisanduku. Yule Mwingereza John Venn aliuandikia mwaka 1880. Wengi wetu tuliufanyia mtihani tukausahau siku hiyo hiyo, kwa sababu tulipewa maswali ya wanafunzi wanaopenda soka na wanaopenda muziki. Nani anajali? Lakini ukiweka ndani yake kitu kinachokuuma, mambo yanabadilika.

TUANZE NA SHAMBA KWANZA

Kabla ya siasa, tuchukue kitu cha hapa kwetu. Tuseme umepita kaya 40 za kitongoji ukauliza maswali mawili: mnalima korosho? Mnalima mbaazi? (Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili tujifunze kuchora, msije mkanibebea bango.) Majibu yamekuja hivi: kaya 31 zinalima korosho, kaya 22 zinalima mbaazi.

Jumlisha 31 na 22 unapata 53. Lakini kaya zilikuwa 40! Hizo 13 zimetoka wapi? Hazijatoka popote. Ni kwamba kuna kaya umezihesabu mara mbili, kwa sababu zinalima vyote viwili. Kwenye orodha ya korosho zipo, na kwenye orodha ya mbaazi zipo tena. Hao ndio wanaokaa katikati, pale maduara yanapopandana. Hesabu inapaita mahali hapo makutano.

Hata kabla hujauliza swali la tatu, unajua kitu kuhusu makutano hayo. Hayawezi kuwa chini ya 13, kwa sababu 53 ukitoa 40 inabaki 13, na hao lazima wawe wamejirudia. Pia hayawezi kuzidi 22, maana wakulima wa mbaazi wote ni 22 tu. Kwa hiyo ukweli uko kati ya 13 na 22, lakini uko wapi hasa? Lazima uulize: "Nyie mnalima vyote viwili?" Tuseme umeuliza, ukapata kaya 17.

Sasa jaza mchoro, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anachora maduara, anaandika 31 upande wa korosho, 22 upande wa mbaazi, 17 katikati, halafu anatulia akidhani kamaliza. Kakosea. Ile 31 ni duara zima la korosho, pamoja na kipande cha katikati. Kwa hiyo unaanza kujaza KATIKATI, ndipo unatoka nje:

Katikati, korosho na mbaazi: 17.
Korosho peke yake: 31 − 17 = 14.
Mbaazi peke yake: 22 − 17 = 5.
Nje ya maduara, hawalimi chochote kati ya hivyo: 40 − (14 + 17 + 5) = 4.

Hakiki: 14 + 17 + 5 + 4 = 40. Imefunga. Vile vyumba vinne vya mchoro havigusani, kila kaya inalala chumba kimoja tu. Yule aliyeandika 31, 17 na 22 akijumlisha vyumba vyake anapata 70 wakati kaya ni 40, hapo hapo anajua mchoro wake umeharibika.

Na kuna kusoma, si kujaza tu. Kile kipande cha 17 kinasema nini? Ofisa anaweza kusema: hawa wako salama, zao moja likianguka wana lingine. Inawezekana. Lakini sisi wa kusini tunakumbuka. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, ilibana uagizaji, na bei ikaporomoka vibaya. Msimu wa 2018 korosho nayo ikaingia mgogoro, wanunuzi wakagoma kupandisha bei, hadi Novemba ile Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaletwa kubeba mzigo. Kwa hiyo mtu wa katikati alitikiswa miaka miwili mfululizo. Mchoro unakuambia ni WANGAPI wako katikati, lakini haukuambii kama kuwa pale ni bahati au mkosi. Hilo ulitafute kwa akili yako. Shikeni hilo, tutalirudia.

SASA TWENDE KWA NYALALI

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni: Tanzania iendelee na chama kimoja au iingie vyama vingi? Nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1965. Tume ikazunguka, watu wakasema. Matokeo yaliyobaki vichwani mwa watu ni haya: asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi.

Mjomba wangu alikuwa sahihi kabisa mpaka hapo. Ila alisimama njiani. Maana kuna namba ya tatu: KATI YA wale waliotaka chama kimoja kiendelee, takriban asilimia 55 walisema kiendelee, lakini mambo yabadilike. Yaani hawakutaka kuhama nyumba, walitaka paa litengenezwe.

Ili tusichanganyikiwe na asilimia, tufanye kama waliotoa maoni walikuwa watu 1,000. Hapo 77.2 inakuwa watu 772, na 21.5 inakuwa watu 215. Chora maduara mawili. Duara la kwanza: waliotaka CHAMA KIMOJA. Duara la pili: waliotaka MABADILIKO.

Anza katikati kama tulivyofanya kwenye mbaazi. Katikati ni nani? Ni wale wanaotaka chama kimoja na pia wanataka mabadiliko. Ni asilimia 55 ya watu 772, yaani kama 425.

Chama kimoja peke yake, wasiotaka kuguswa kitu: 772 − 425 = 347.

Mabadiliko peke yake, nje ya duara la chama kimoja: hapa wanaingia wale 215 wa vyama vingi. Wote wanaingia bila ubishi, kwa sababu nchi ilikuwa ya chama kimoja, na mtu anayetaka vingi lazima anataka mabadiliko.

Nje ya maduara yote: 1,000 − (347 + 425 + 215) = 13.

Hakiki: 347 + 425 + 215 + 13 = 1,000. Imefunga.

Sasa soma duara la pili lote: 425 + 215 = 640. Hiyo ndiyo asilimia 64 ya kijana wa bodaboda! Na duara la kwanza lote: 347 + 425 = 772. Hiyo ndiyo asilimia 77.2 ya mjomba. Mmeona? Wote wawili wanawahesabu watu walewale 425. Mjomba anawaita "wenzangu wa chama kimoja", kijana anawaita "wenzangu wa mabadiliko". Namba zao zinazidi mia zikijumlishwa kwa sababu ile ile 53 ilivyozidi 40. Ukitaka idadi ya walio kwenye duara lolote unafanya hivi:

n(A ∪ B) = n(A) + n(B) − n(A ∩ B)
772 + 640 − 425 = 987

Na wale 13? Sikuwaweka ndani kwa sababu namba nilizonazo hazisemi walitaka nini. Hata ukiwasukuma wote kwenye duara la mabadiliko, 640 inakuwa 653. Hoja haitikisiki.

PALE UNAPOWEZA KUINGIZWA MJINI

Kuna kosa moja la hatari hapa. Mtu anachukua ile asilimia 55 kama ya watu WOTE. Anasema: 55 ya chama kimoja wenye mabadiliko, jumlisha 21.5 ya vyama vingi, jumla asilimia 76.5 walitaka mabadiliko! Inapendeza kweli masikioni, lakini si kweli. 55 ni ya wale 772, si ya wale 1,000.

Ubaya wake ni kwamba kosa hili halionekani ukihakiki jumla. Jaribu: katikati 550, chama kimoja peke yake 222, vyama vingi 215, nje 13. Jumla 1,000. Imefunga vizuri kabisa na bado ni uongo! Kwa hiyo jumla kufunga inakuonyesha tu kwamba hukumhesabu mtu mara mbili. Haikuonyeshi kama umesoma namba vizuri. Dawa yake ni moja: kila ukiona asilimia, uliza "ya nani?" Tafuta maneno "kati ya" kwenye sentensi. Yakikosekana, usimeze.

MAKUTANO YALISEMA NINI HASA?

Sasa turudi kwenye lile la mkulima wa korosho na mbaazi. Tunajua katikati walikuwa 425 kati ya 1,000, kundi kubwa kuliko vyote vinne. Ndio waliokuwa wameshika mzani. Ukiwapeleka kushoto, chama kimoja kinashinda kwa kishindo. Ukiwapeleka kulia, mabadiliko yanashinda. Kila mwanasiasa alikuwa na sababu ya kuwavuta upande wake.

Lakini wenyewe walisema nini? Walisema mambo MAWILI kwa pamoja. Atakayesema "asilimia 77 walikataa mabadiliko" anawaongopea, kwa sababu waliokataa kuguswa kitu ni 347 tu, theluthi na ushee. Na atakayesema "asilimia 64 walitaka vyama vingi" anawaongopea vilevile, kwa sababu waliotaka vyama vingi ni 215. Kwa hiyo mjomba alipita mstari, na kijana naye kama angesogea hatua moja zaidi angepita mstari. Kauli ambayo mchoro unaibeba ni hii: wengi walitaka chama kimoja, na wengi walitaka mabadiliko, na kundi kubwa zaidi lilitaka yote mawili.

Ndani ya hao 425 nao hawakuwa kitu kimoja. "Mabadiliko" ni neno pana kama gunia. Mmoja anataka viongozi wabanwe, mwingine anataka uchaguzi wa ndani ya chama uwe wa kweli, mwingine anataka sheria kandamizi zifutwe. Mchoro umewaweka chumba kimoja kwa sababu swali liliwaweka chumba kimoja. Ukitaka kuwatenganisha unahitaji swali lingine, si kuchora vizuri zaidi.

Tume yenyewe ilipendekeza nchi iingie vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. CCM ilikubali mapema 1992, na vyama vingi vikaanza rasmi tarehe 1 Julai 1992. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukawa 1995. Hayo hayakuamuliwa kwa hesabu ya vichwa peke yake. Kwa vichwa peke yake 215 haizidi 772, na mjomba ana haki ya kuuliza. Ila hana haki ya kusema kwamba namba zilifichwa au kwamba wote 772 walikuwa wameridhika.

Tena kumbukeni, wale waliofika kutoa maoni ni waliojitokeza, si watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu kuwakilisha nchi. Mtu aliyekuwa shambani siku ile hayumo hata kwenye kisanduku. Asilimia zile ni za waliosema, si za Watanzania wote.

NA WALIO NJE YA DUARA?

Hili la mwisho limetugusa karibu zaidi. Tarehe 21 Machi 2014, Rais Kikwete akihutubia Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma, alizungumzia takwimu za Tume ya Jaji Warioba. Watu waliotoa maoni walikuwa 351,664. Kati yao walioongelea suala la Muungano walikuwa 47,820, sawa na asilimia 13.6. Wengi wa hao kutoka Bara walitaka serikali tatu. Hoja ya Rais ilikuwa: waliobaki, 303,844, hawakuuona Muungano kuwa tatizo.

Chora tena. Duara la "walioongelea Muungano", na nje yake watu 303,844. Upande mmoja ulikuwa unasoma duara tu, kama vile nje hakuna watu. Upande wa pili ukasoma nje na kuwapa watu wale maneno ambayo hawakuyasema. Mtu aliye nje ya duara hakusema "sina tatizo". Hakusema kitu. Labda kweli hana tatizo, labda alikuja kuongelea ardhi, maji au wazee, muda ukaisha. Chumba cha nje ni chumba cha watu ambao hukuwasikia kwa swali hilo, basi. Ukitaka kujua wanasema nini, rudi ukawaulize.

Kwa hiyo kesho akija mtu na takwimu za maoni ya Katiba, wadau, msianze kumshangilia wala kumzomea. Mwombeni namba nne, siyo mbili: wa kushoto tu, wa kulia tu, wa katikati na wa nje. Akikupa mbili tu zenye kuzidi mia, kuna watu kawahesabu mara mbili. Ikiwa ni swali la ndiyo au hapana na zote mbili hazifiki mia, muulize wa nje wako wapi.

Mjomba aliangalia ule mchoro wangu wa mchangani muda mrefu. Nikamuuliza: "Mjomba, na wewe mwaka ule ulikuwa chumba gani?" Akanyamaza kidogo, akaweka kidole pale katikati. "Nilitaka chama kibaki," akasema, "lakini nilitaka nao watusikilize." Halafu akaufuta kwa mguu, akaagiza chai nyingine.

Haya, wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Kwa wale ambao wazee wao walitoa maoni mwaka 1991, waulizeni walikuwa chumba gani kati ya vinne, mje mtuambie. Na kama kuna mahali hesabu yangu imeteleza, nirekebisheni bila matusi. Naomba kuwasilisha.